'Ndiyo, ikate': Ujumbe usio na kosa wala maana

JUMAMOSI moja asubuhi nilipokea ujumbe kwenye simu yangu kutoka kwa Mama. Haukuwa ujumbe wake. Ulikuwa umeandikwa na kaka yangu aliye Mombasa, Mama akautuma kwangu jinsi ulivyo. Ulisema hivi: "Ndiyo, ikate. Ila ule wa karibu na choo uuache."

Hapakuwa na neno jingine. Mama alinipigia dakika chache baadaye kunieleza kwamba fundi wa msumeno wa petroli, ule ambao wengi huuita pawasoo, alikuwa amefika nyumbani na alitaka kuelekezwa, kisha alipwe. "Kaka yako amekwisha kujibu, nimekutumia. Zungumza na huyu fundi, mie sisikii vizuri." Nami nilizungumza naye. Nilimwambia aanze na mikaratusi iliyo mpakani, auruke mmoja ulio karibu na choo. Kufikia saa tano, mikaratusi sita ilikuwa imelala chini.

Kaka hakuwa amesema mikaratusi. Alikuwa akijibu swali la kijana anayetusaidia shambani, aliyemuuliza siku mbili kabla kama aikate miparachichi mizee isiyozaa tena ili nafasi yake ipandwe miche mipya. Mikaratusi ile Mama alikuwa akiingojea ikomae iwe boriti za kuezekea nyumba yake. Sasa ni kuni na fito.

Nimelisimulia tukio hili si kwa sababu ya miti. Nimelisimulia kwa kuwa kazi yangu, na ya safu hii, ni lugha; na kwa miaka mingi nimewasikia wasomaji, walimu na hata wahariri wakidai kwamba tatizo la mawasiliano ya simu ni sarufi mbovu. Eti vijana hawajui ngeli, wanakatakata maneno na kuchanganya lugha. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika hivyo. Lakini utazame upya ujumbe wa kaka. Una koma mahali pake na nukta mahali pake. Upatanisho wa kisarufi ni kamili. Mwalimu wa Kiswahili angeupa alama zote. Hata hivyo, ulinifanya niamuru kukatwa kwa miti isiyofaa kukatwa. Ikiwa hivyo ndivyo, basi tumekuwa tukilisaka kosa mahali ambapo halipo.

Hebu tuuchambue ujumbe wenyewe, neno kwa neno.

Tuanze na "ikate". Kiambishi "i" ni cha mtendwa. Kinasimama badala ya nomino ambayo haikutajwa. Katika mfumo wa ngeli tunaoufundisha shuleni, "i" hii inaweza kuwa ya umoja katika ngeli ya I-ZI, kama vile kamba. Inaweza kuwa ya ngeli ya I-I, kama vile sukari. Na inaweza kuwa ya wingi katika ngeli ya U-I, kama vile miti, mikeka au mikataba. Kwa hiyo, mtu akisoma "ikate" peke yake, hajui hata kama anachoambiwa akate ni kimoja au ni vingi. Kwa wengine "ikate" ni simu!

Sentensi ya pili inasaidia. "Ule wa karibu na choo uuache." Kitenzi "uuache" kina "u" mbili: ya kwanza ni ya nafsi ya pili, wewe unayeambiwa, ya pili ni ya kitu kinachoachwa. Kitu hicho ni cha umoja, na kiashiria "ule" kinathibitisha hivyo. Sasa, neno "ila" linatuambia kwamba kitu hiki kinatolewa katika kundi lililotajwa kwanza. Hakiwezi kutolewa katika kundi ambalo si lake. Kama kundi lingekuwa la ngeli ya U-ZI, kwa mfano kuta, kaka angeandika "zikate". Kama lingekuwa matawi, angeandika "yakate", na kinachoachwa kingekuwa "lile". Ngeli inayochukua "u" katika umoja na "i" katika wingi ni moja tu, nayo ni U-I. Basi tumefika mahali: vinavyokatwa ni vingi, ni vya ngeli ya U-I, na kimojawapo kiko karibu na choo.

Hii ni kazi kubwa iliyofanywa na herufi chache, na ni sifa ya Kiswahili ambayo hatuitambui vya kutosha. Mwandishi wa Kiingereza angekuwa na neno moja tu la kurejelea kitu kisicho mtu katika umoja, na jingine la wingi, liwe la miti, kuta au matawi. Kiswahili kinabeba ngeli ndani ya kitenzi. Tunapoacha kuitaja nomino, kivuli chake hubaki.

Lakini kivuli si mtu. Shambani kwetu, vitu vya ngeli ya U-I vinavyoweza kukatwa ni mikaratusi, miparachichi, migomba, mikahawa na michongoma ya ua. Sarufi iliniondolea matawi, kuta na kamba. Haikunichagulia kati ya mikaratusi na miparachichi. Na kile kidokezo nilichokiona kuwa cha uhakika, yaani choo, hakikuwa cha uhakika hata kidogo. Choo chetu kiko pembeni, karibu na mpaka. Upande wake mmoja pana mkaratusi, upande wa pili pana mparachichi. Kila nilichokisoma kililingana na nilichokuwa nikikifikiria, nami nikachukulia kwamba kulingana ndiko kuthibitika.

Swali ambalo msomaji atauliza ni hili: kwa nini nilifikiria mikaratusi? Mbona sikuuliza?

Jibu lake ndilo kiini cha makala hii. Wiki tatu kabla, mimi na kaka tulikuwa nyumbani, tukazungumza kwa urefu kuhusu mikaratusi na jinsi inavyonyonya maji karibu na kisima. Hatukuafikiana. Basi ujumbe ule ulipofika bila mazungumzo yaliouzaa, mimi niliyatafuta mazungumzo mengine katika kumbukumbu yangu na kuyaweka mahali pake, nikaona kama kwamba kaka hatimaye ameamua. Sikuhisi kuwa nimekisia. Nilihisi kuwa nimesoma.

Wanaisimu wana istilahi mbili zinazotufaa hapa. Ya kwanza ni mshikamano: jinsi maneno na sentensi zinavyofungamanishwa na vipashio vya lugha vyenyewe, kama viambishi, viashiria na viunganishi. Ya pili ni muwala: jinsi matini nzima inavyoleta maana moja kwa anayeisoma. Katika kitabu chao cha mwaka 1976 kuhusu mshikamano katika Kiingereza, M.A.K. Halliday na Ruqaiya Hasan walieleza aina tano za mbinu za mshikamano: urejelezi, ubadilishaji, udondoshaji, uunganishi na mshikamano wa kimsamiati. Jambo la msingi katika maelezo yao ni kwamba kila kifungo kina ncha mbili. Kuna kipashio kinachotegemea, na kuna kile kinachotegemewa. Ukikiona kimoja, unajua lazima cha pili kiko mahali fulani.

Ujumbe wa kaka umejaa ncha za kwanza. "I" inategemea nomino. "U" inategemea nomino. "Ule" unategemea nomino. "Ila" inategemea kundi. Ncha zote za pili ziko katika swali la yule kijana, na swali hilo lilibaki katika simu ya kaka. Ujumbe unapojibiwa kwenye simu, lile swali huonekana juu ya jibu. Lakini jibu likitumwa kwa mtu mwingine, swali halifuati. Linabaki nyuma kama mzigo ulioshushwa kituo cha kwanza.

Kuna neno moja ambalo sijaligusa, nalo ndilo linaloonekana jepesi kuliko yote: "ndiyo". Tumezoea kulichukulia kama neno la kukubali, basi. Lakini limeundwa kwa sehemu mbili, "ndi" ya kusisitiza na "yo", ile ile "o" rejeshi tunayoiona katika "hiyo", "ambayo" na "iliyo". E.O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1944, aliieleza "o" hii kuwa ya urejeshi: inaelekeza kwenye kitu ambacho msikilizaji tayari anakijua. Ukichunguza, basi, "ndiyo" halisemi kitu. Linaonyesha kitu kwa kidole. Linasema: hiyo uliyoisema, ndiyo. Kama hukusikia iliyosemwa, umeonyeshwa kidole kinachoelekea gizani. "Ndivyo", "sivyo" na "hivyo" ni ndugu zake. "Fanya hivyo" haina maana yake yenyewe, ina maana ya kuazima.

Mambo huwa mabaya zaidi swali linapokuwa la kukanusha. Tuseme yule kijana angeuliza, "Nisiikate?" Kaka akajibu, "Ndiyo." Katika Kiswahili cha wazee wetu, "ndiyo" hukubaliana na kauli ya anayeuliza: naam, usiikate. Lakini Wakenya wengi siku hizi, hasa waliozoea Kiingereza, hujibu kwa kuangalia tendo na si kauli. Kwao "ndiyo" ingemaanisha ikate. Hivyo, "ndiyo" ile ile, kutoka kwa watu wawili wa nyumba moja, inaweza kuuangusha mti au kuuokoa. Hata mwenye swali mkononi anaweza kukosea, sembuse asiye nalo.

Sasa nirejee kwenye lawama. Kaka aliporudi, tulikaa sebuleni na Mama tukakosana kidogo.

"Uliandika ikatwe," nilimwambia.

"Niliandika ikatwe," alisema. "Sikuandika hiyo."

"Ungeandika ipi?"

"Aliyeniuliza alijua ni ipi. Wewe si ndiye uliyeniuliza."

Nilikasirika, lakini alikuwa na haki. Jibu lake kwa yule kijana lilikuwa zuri. Mtu aliyeuliza juu ya miparachichi hahitaji kuambiwa miparachichi tena. Kulirudia neno kungekuwa kama kumfanya mjinga. Katika mazungumzo ambayo hayajakatika, kudondosha nomino ni adabu. Ni kumwambia mwenzako: najua kwamba unajua. Sitaki, kwa hiyo, kuandika makala ya kuwahimiza Wakenya waeleze kila kitu katika kila ujumbe. Lugha ingetuchosha, na hakuna anayezungumza hivyo na nduguye.

Kosa lilitokea ujumbe ulipobadilisha msomaji. Mama aliutuma kwa nia njema, akiamini kwamba maneno ya mtu yakinukuliwa bila kubadilishwa ndipo yanapokuwa ya kuaminika. Ni imani ya kawaida. Tunasema, "Sikuongeza wala kupunguza, nimekuletea yalivyo." Lakini hapa kutoongeza ndiko kulikopunguza. Maneno yote yalifika ila yale yaliyoyapa maana.

Wazee wa ofisi walilijua hili. Barua rasmi ya Kiswahili tuliyofundishwa shuleni ina mstari wa KUH: au MINT: juu ya mwili wake, na mara nyingi huanza kwa kuirejelea barua inayojibiwa na tarehe yake. Wanafunzi huiona sehemu hii kama urembo wa mtihani, wanaipigia mstari ili wapate alama ya muundo. Si urembo. Aliyeibuni alijua kwamba barua itawekwa kwenye faili, itatolewa na karani mwingine baada ya miaka, na kwamba siku hiyo itakuwa peke yake. Mstari ule ni ncha ya pili ya kifungo, imefungwa kwenye barua yenyewe ili isipotee njiani.

Hapa ndipo ninapoukosoa ufundishaji wetu. Zoezi la kawaida la sarufi humpa mwanafunzi sentensi moja iliyong'olewa mahali pake na kumwambia aikanushe, aiweke katika wingi au asahihishe upatanisho. "Kile kilichovunjika kitupe" inageuka kuwa "Vile vilivyovunjika vitupe", mwalimu anaweka alama ya vyema, tunaendelea. Hakuna anayeuliza: kile nini? Mwanafunzi anazoea kwamba sentensi ikipatana kisarufi imekamilika. Anatoka shuleni akijua kwamba "ikate" ina kiambishi cha mtendwa, lakini hajawahi kuulizwa mtendwa mwenyewe yuko wapi. Ningependa zoezi moja tu liongezwe: mwanafunzi apewe jibu lisilo na swali, aorodheshe kila kipashio kinachotegemea kitu cha nje, kisha aandike maswali mawili tofauti ambayo jibu hilo linayatosheleza yote mawili. Atakayeyapata hayo maswali mawili amekwisha kuelewa hatari ya ujumbe wa namna hii kuliko mimi nilivyoielewa Jumamosi ile.

Na msomaji wa kawaida, asiye darasani, atautambuaje ujumbe uliokatwa kichwa? Dalili zake ni chache na zinaonekana. Unaanza kwa "ndiyo", "hapana", "sawa" au "haya basi", ilhali wewe hukuuliza kitu. Vitenzi vyake vina viambishi vya watendwa lakini nomino huzioni. Una "hiyo", "hilo", "vile" au "hivyo" bila kutaja kitu kabla yake. Una maneno kama "ila", "pia", "tena" au "bado", ambayo hayawezi kusimama bila jambo la kwanza. Ujumbe wa kaka ulikuwa na dalili zote nne katika maneno tisa.

Lakini dalili hizi hazionekani kwa urahisi kwa sababu moja: ujumbe wenye ufasaha haumshtui msomaji. Ningepokea ujumbe uliovurugika, wenye maneno nusunusu, ningempigia kaka simu papo hapo. Uvurugikaji hujitangaza. Ujumbe fasaha huteleza vizuri, na msomaji anayeteleza hasimami kutazama alikopita. Kwa hiyo ile hali ya kuelewa upesi, ambayo kwa kawaida tunaifurahia, ndiyo tunayopaswa kuishuku pale ambapo jibu limetufikia bila swali letu.

Nimejiwekea kipimo kimoja tangu siku ile. Kabla ya kutekeleza agizo lililotumwa kwangu na mtu wa tatu, nailiandika upya kwa kuijaza kila nafasi kwa nomino, kisha namrudishia mwenyewe: "Unasema mikaratusi ya mpakani ikatwe, ubaki ule wa karibu na choo?" Nikiuliza tu, "Una uhakika?" nitajibiwa "Ndiyo", na tutakuwa tumerudi palepale: kidole kingine, giza lilelile. Swali linalosaidia ni lile linalotaja kitu, kwa sababu ndilo linaloweza kukataliwa. Kaka angelisoma neno "mikaratusi" na angeruka kutoka kitini.

Naye anayetuma ana wajibu mwepesi zaidi. Tuuhesabu. "Ndiyo, ikate. Ila ule wa karibu na choo uuache" ni maneno tisa. "Ndiyo, ikate miparachichi. Ila ule wa karibu na choo uuache" ni maneno kumi. Neno moja tu. Halivunji adabu, halichoshi, na Kiswahili kinaruhusu kiambishi na nomino yake vikae pamoja bila kugombana. Neno hilo moja likiwa ndani, ujumbe unaweza kusafiri kwa simu tano na kufika ukiwa mzima.

Mikaratusi huchipuka tena kwenye visiki, na Mama ameanza kuhesabu vichipukizi. Anasema vitachukua miaka kuwa boriti. Miparachichi mizee bado imesimama. Fundi aliondoka na hela zake kabla hatujaelewana. Juma lililopita kaka alinitumia ujumbe mwingine: "Haya, mlipe tu." Nilimwandikia: "Nimlipe nani, kwa kazi gani, shilingi ngapi?" Alinipigia akicheka, akanitajia vyote vitatu. Hakuwa akimsema fundi wa msumeno, ambaye ndiye niliyekuwa nimemfikiria.